Mzee hapangi foleni, lakini hela ya sahani hatuna

Anti shikamoo.

Mwezi ujao wazazi wetu wanatimiza miaka 50 ya ndoa, misa saa nne asubuhi hapa Kigoma mjini alafu sherehe kwenye ukumbi wa kukodi kule Mwanga. Wageni tumehesabu 240, humo ndani wazee wa miaka 70 kwenda juu ni kama 45, wengi wanatoka Kasulu na Buhigwe, kuna wa mikongojo na mmoja wa kiti cha magurudumu. Hela ya chakula ni 2,900,000 na haiongezeki maana michango tumeshafunga. Mtu wa keteringi katupa bei mbili, bufee 11,000 kwa kichwa, kupelekewa sahani mezani 14,000. Mama kakataa bufee kabisa, anasema mzee hapangi foleni na sahani mkononi kama mwanafunzi wa bweni. Kaka mkubwa yuko Dar anasema sahani ni mambo ya hotelini, watu watapewa kawali kadogo watasema mpaka Krismasi. Emsii naye anataka chakula kiishe ndani ya saa moja. Mi ndo katibu wa kamati, grupu la wasap halikaliki. Nifanyeje?

Mtoto wa tatu, Kigoma

JIBU

Marahaba mwanangu, wape hongera wazazi, miaka 50 si mchezo.

Mama yako ana hoja na ntakwambia kwa nini naikubali. Nimepika kwenye shughuli za watu miaka mingi kabla sijaanza kukaa hapa kujibu barua, na kuna shughuli moja ya ukoo wetu wenyewe hadi leo nikiikumbuka naona aibu. Tuliweka bufee, meza moja, upande mmoja, emsii anaita meza kwa meza na kama kawaida anaanza na zilizo karibu yake. Babu mmoja, kaka yake marehemu baba, alikaa meza ya nyuma. Mkono wa kulia umeshika mkongojo, kwa hiyo sahani kaishika kwa kushoto, sa atapakua na mkono upi? Alifika kwenye wali akasimama tu, kijana wa nyuma yake akamwekea kwa haraka haraka, akasogea, kufika kwenye kuku anakuta mchuzi na shingo mbili. Alirudi mezani na wali na kachumbari, hakusema neno, akala kidogo akasukuma sahani. Alikuwa mzee wa sukari, kaondoka kwake alfajiri, na hapo ilikuwa saa tisa na nusu. Muda si mrefu akaanza kutoka jasho na kutetemeka, anaongea vitu havieleweki, watoto wakadhani joto. Bahati kulikuwa na nesi kwenye wageni, akampa soda ya sukari akatulia. Kwa hiyo mama akisema mzee hapangi foleni we usimwone anaringa.

Ila sasa kuwapelekea watu wote 240 sahani mezani kwa hela mliyonayo haiwezekani, piga hesabu mwenyewe, 14,000 mara 240 ni 3,360,000, mmepungukiwa laki nne na sitini hapo hapo. Na hata mngekuwa nazo ningekuuliza swali moja kabla hujalipa, huyo mtu wa keteringi anapakua kwa mistari mingapi?

Watu wakifikiria sahani za mezani wanahesabu wahudumu wa kubeba, lakini kinachochelewesha ni kupakua. Mstari mmoja wa kupakua ni meza ambayo wa kwanza anaweka wali, wa pili nyama na mchuzi, wa tatu mboga na ndizi, wa nne anafuta ukingo wa sahani na kuisogeza. Watu wanaojua kazi, nimewapima na saa ya simu, wanatoa sahani nne kwa dakika, siku wamechangamka tano. Sahani 240 kwa mstari mmoja ni saa zima la kupakua bila kupumzika, meza ya kwanza inaomba maji ya kunawa mara ya pili wakati meza ya mwisho haijaona hata kijiko. Akikwambia ana mistari miwili, watu wanane wa kupakua tu mbali na wabebaji, hapo ni nusu saa na 14,000 yake ina maana. Akikwambia "usijali, tunapakua mapema tunafunika na foili", achana naye. Hiyo maana yake wali umepakuliwa saa sita unaliwa saa tisa. Chakula kilichopikwa kinatakiwa kikae cha moto, nyuzi 60 kwenda juu, na kikishapoa kisizidi masaa mawili nje, na hapo unajua joto letu la Kigoma lilivyo na ukumbi una watu 240. Kijana tumbo likimvuruga anashinda chooni siku moja basi, mzee wa miaka 80 akiharisha usiku kucha anaishiwa maji, anapelekwa kulazwa.

Kuna kitu kingine ambacho kamati nyingi zinasahau, mmeandika 240 lakini kwenu kweli watakuja 240? Shughuli ya jubilei, mtu kaalikwa peke yake anakuja na mke na mjukuu, majirani wa zamani wa mzee wamesikia, nawaombea wasizidi 260. Sahani zinahesabiwa kwa kichwa, wa 241 anakaa anaangalia wenzake wanakula. Bufee inavutika, wali ukipunguzwa nusu upawa kwa kila mtu wale 20 wanapata na hakuna anayegundua.

Kwa hiyo mi ningefanya hivi. Wazee wote 45 na meza kuu wapelekewe sahani, wengine wote bufee. Meza kuu weka 12, ni wazazi, wasimamizi, padri na wachache mnaowajua, jumla 57, hesabu sahani 60 ili tatu ziwe za dharura. Mstari mmoja wa kupakua unazitoa kwa dakika 15. Kubeba tafuta vijana watano wa ukoo, wajukuu wenye akili zao wasiocheza na simu, kila mmoja anabeba sahani mbili, kwenda na kurudi hata ikichukua dakika mbili bado wanabeba tano kwa dakika, jikoni hakuna mrundikano. Na mjukuu akimpelekea bibi yake sahani anainama anasema "bibi karibu chakula", hiyo mhudumu wa kukodi hawezi kukupa hata umlipe.

Hao 180 waliobaki, meza ya bufee itolewe ukutani iwekwe katikati, watu wapite pande zote mbili. Hili lisimamie mwenyewe asubuhi maana wenye ukumbi wanapenda kuibana ukutani. Upande mmoja unapitisha watu watatu kwa dakika, ndo hivo, mtu anachagua, mtu anaongea na shemeji yake. Kwa upande mmoja 180 ni saa zima. Pande mbili ni nusu saa. Jumlisha na zile dakika 15 za wazee, emsii wako kashapata saa yake na chenji imebaki.

Sasa kuku, maana kesi za bufee zote huishia kwa kuku. Kuku mmoja anakatwa vipande vinane, mkiwa na kuku 30 mna vipande 240, kila mtu kimoja, kwenye karatasi iko sawa kabisa. Wakijipakulia wenyewe, watu 100 wa kwanza wakichukua viwili viwili vimekwenda 200, watu 140 wanagombea 40. Kaka yako anaogopa sahani ziwe ndogo, mwambie kwenye bufee isiyosimamiwa nusu ya wageni wanakula sahani ndogo kuliko ya hotelini. Dawa yake ni watu wawili wa nyama, mmoja kila upande, wanaoshika koleo wao na wageni hawashiki. Weka mtu mzima, usiweke binti wa miaka 17, mjomba akimkazia macho atampa vitatu. Na nyama ikae mwisho wa meza baada ya wali, ndizi, maharage, mboga na kachumbari, mtu akifika hapo sahani imeshajaa, hata mwenyewe anaona pa kuweka hakuna.

Na hao wazee mtawapikia nini? Hapa ndo nakuomba utulie, maana sahani kufika mezani mapema haisaidii kama kilichomo hakiliki. Mwambie mpishi atenge sufuria moja ndogo ya wazee. Nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, vipande vidogo, ichemke mpaka ukiikandamiza na mwiko inaachia, na mchuzi wake uchotwe kwenye sufuria kubwa kabla hajatia ile chumvi ya mwisho na pilipili, wenye presha ni wengi kuliko mnavyodhani. Kuku wa kukaanga asiye na mchuzi kwa mtu mwenye meno manne ni mapambo. Migebuka najua mtataka kuweka, shughuli ya Kigoma bila migebuka watu wa Dar watauliza, lakini mzee asiyeona vizuri na miba ya samaki kwenye ukumbi wenye taa za rangi mi hapana, waacheni migebuka kwenye bufee na mzee anayemtaka aletewe na mtu wa kumchambulia. Kuna watakaotaka ugali wa muhogo na maharage ya mawese wakauacha wali wenu wa kumeremeta, na hao wala usishangae, songeni ugali mmoja mkubwa dakika za mwisho ufike unafuka. Wapakulieni kiasi, mzee akiletewa mlima anaona kama anadharauliwa, anapenda aulizwe "nikuongeze babu?" aseme kidogo tu.

Ili ujue nani anakula nini usisubiri siku ile. Wazee 45 wagawieni wanakamati watatu, kila mmoja apige simu 15, usimpigie mzee mwenyewe maana atasema anakula kila kitu, piga kwa binti yake anayekaa naye. Uliza vitu vitatu tu, meno, sukari au presha, na anatembeaje. Majibu andika kwenye kadi ndogo inayokaa mbele ya kiti chake, alama tu mnayoijua nyie, msiandike "kisukari" kwa kalamu nyekundu ukumbi mzima ukasoma.

Meza zao ziwe karibu na mlango wa jikoni na choo, mbali na spika. Najua desturi ni wazee mbele, ila mbele ndo kwenye spika, na nimeona wazee wakila wameziba sikio kwa mkono mmoja. Yule wa kiti cha magurudumu aondolewe kiti kimoja mezani aingie yeye, na mpime urefu wa meza mapema, meza nyingine za kukodi magoti hayaingii. Kunawa wapelekewe birika na beseni pale walipo, maji ya vuguvugu, hata hapo mama yako atafurahi.

Kuna hili la muda ambalo hukuniuliza. Mtu wa Buhigwe kuwahi misa ya saa nne huku mjini kaamka saa tisa au kumi usiku. Misa ikiisha saa sita, picha, msafara na honi, wanaingia ukumbini saa sita na nusu na chakula labda saa nane, mtu ana masaa kumi hajala cha maana na asubuhi kameza dawa zake au kachoma insulini. Insulini ya asubuhi haingoji picha za maharusi. Kwa hiyo wakifika ukumbini tu wapewe uji, uji wa kawaida mwepesi kwenye kikombe cha bilauri, chupa mbili za chai na maandazi pembeni, sukari iwe ya kujiwekea. Uji wa watu 60 ni kilo mbili za unga hivi, hauwezi kuwaua. Padri akishashukuru, chakula kianze saa saba na nusu, na kupakua kwa wazee kuanze robo saa kabla, wakati emsii anatambulisha ukoo. Bufee isifunguliwe mpaka wewe umemwona mzee wa mwisho ana sahani, umemwona kwa macho, siyo umeambiwa. Hilo emsii alitangaze, "tunawasubiri wazee wetu", watu watavumilia dakika 15 bila kinyongo.

Turudi kwenye hela maana mweka hazina ananisubiri. Njia rahisi ni kumlipa huyo bwana 60 kwa 14,000 ambayo ni 840,000, na 180 kwa 11,000 ambayo ni 1,980,000, jumla 2,820,000, mmebakiwa na elfu themanini. Inatosha lakini imebana, wageni kumi wakizidi mmekwisha. Mi nisingekubali haraka hivo. Muulize ile elfu tatu ya juu ni ya nini, atakwambia ya wahudumu, maana chakula ni kile kile na kwenye sahani kinatumika kidogo zaidi, unapakua kwa kipimo. Sasa kama wabebaji ni wajukuu zenu mnamlipia nini? Mwambie wote 240 kwa bei ya bufee, 2,640,000, yeye atoe tu watu wanne wa kupakua dakika 15 kabla hawajahamia kwenye bufee, na hiyo sufuria ndogo. Wengi wanakubali, akigoma muongezee elfu hamsini kwa sufuria. Mnabaki na laki mbili na kitu, uji na maandazi humo humo, na inayobaki iwe ya vichwa vya ziada kwa bei hiyo hiyo ya 11,000, muandikishiane kabisa kwamba wakizidi hadi 12 au 15 hamtapandishiwa bei siku ile mkiwa mmeshavaa suti.

Kwenye hiyo karatasi andika pia vyombo vya bufee viwe vile vya stenlesi vyenye moto chini, na kabla wageni hawajaanza kupita wewe au dada yako afunue kimoja kimoja. Mvuke utoke. Chini kuna trei ya maji, iwe na maji ya moto kweli, yakikauka wali unaungua chini na juu umepoa. Na chombo kikiisha kiletwe kipya kizima kutoka jikoni, wasije wakamwagia wali wa moto juu ya makombo ya ule wa kwanza uliotifuliwa na watu 90.

Grupuni usiandike "bufee au sahani, pigeni kura", mtalumbana hadi siku ya misa. Kwanza nenda kwa mama mwenyewe, mwambie wazee wako mama hawanyanyuki kwenye viti, wajukuu ndo watawahudumia. Akishakubali ndo unampigia kaka unamwambia kuhusu kuku na watu wawili wa koleo. Alafu tenga sahani 12 jikoni za hao wajukuu, emsii, watu wa muziki na madereva wa Kasulu, zifunikwe kabla bufee haijafunguliwa, maana hao ndo kila shughuli wanakula mchuzi.